Matofali Yasiyo na Saa

Fungua chati ya Renko ya yuro dhidi ya faranga ya Uswisi, weka ukubwa wa tofali kuwa senti moja ya faranga, kisha rudi nyuma hadi Januari 2015. Utaona ngazi ya matofali mekundu inayoteremka kutoka 1.21 hadi 1.00 na chini zaidi. Imepangwa tofali baada ya tofali, kwa mwinamo ule ule ambao chati hiyo hutumia kuchora mteremko uliochukua mwaka mzima. Hakuna pengo popote, wala tofali lililo refu kuliko jenzake. Asiyejua historia angedhani wauzaji walikuwa na nguvu kwa wiki nyingi, na kwamba mwenye yuro alipata nafasi zaidi ya ishirini za kuuza kabla mambo hayajaharibika kabisa.

Ngazi hiyo ilishuka kwa dakika chache, asubuhi ya Alhamisi tarehe 15 Januari.

Ili kuelewa chati inawezaje kuchora tukio la namna hiyo kwa utulivu kiasi hicho, inabidi kwanza kujua inavyojengwa. Chati ya kawaida, ile ya mishumaa ambayo vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaiona kila siku kwenye simu zao, huenda na saa. Dakika tano zikipita, mshumaa mpya unachorwa, bei iwe imetembea au imelala. Chati ya Renko haina saa. Mchoraji huchagua ukubwa wa tofali, tuseme shilingi moja, na tofali jipya huongezwa pale tu bei inapotimiza shilingi hiyo nzima. Isipotimiza, hakuna kinachochorwa, hata kama ni mwezi umepita.

Tuchukue hisa ya kubuni ambayo siku ya kwanza imefunga kwa shilingi 20. Siku zinazofuata inafunga 20.40, 21.10, 20.70, 21.30, 22.60, 23.20, 22.40, 21.90, 22.50, 21.70 na 20.90. Jumla ni siku kumi na mbili, na kwenye chati ya mishumaa zingekuwa mishumaa kumi na miwili ikipanda na kushuka. Kwenye Renko, siku ya pili haiachi alama yoyote. Siku ya tatu bei imevuka 21, kwa hiyo tunajenga tofali la kijani la 20 hadi 21. Siku ya nne na ya tano hazina kitu. Siku ya sita tunapata tofali la 21 hadi 22, na ya saba tofali la 22 hadi 23.

Baada ya hapo bei inaanza kulegea, na hapa ndipo kanuni inapohitaji uangalifu. Tofali la kugeuka halichorwi ndani ya nafasi ile ile ya tofali la mwisho. Linawekwa chini yake. Tofali letu la mwisho limekaa kati ya 22 na 23, hivyo tofali jekundu litakuwa la 22 hadi 21, na bei lazima ifike 21 ndipo lichorwe. Yaani kutoka kileleni mwa tofali la mwisho, kugeuka kunadai mwendo wa matofali mawili. Siku ya nane, ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja zinapita kimya. Ya kumi na mbili, bei ikifunga 20.90, tofali jekundu linaonekana. Siku kumi na mbili zimekuwa matofali manne.

Kilichotupwa njiani ndicho wafanyabiashara wanachokiita kelele, na sehemu kubwa ya kelele ina chanzo kinachojulikana. Sokoni kuna bei ya anayetaka kununua na bei ya juu kidogo ya anayetaka kuuza. Muamala mmoja ukifungwa kwa bei ya muuzaji na unaofuata kwa bei ya mnunuzi, chati inaonyesha bei imeshuka, ilhali thamani ya kitu haijabadilika hata kidogo. Ongeza mfuko mkubwa unaoikata oda yake vipande vidogo siku nzima, ongeza wenye haraka na wenye kubahatisha, na utapata mtikisiko usiokwisha ambao haumwambii mtu jambo. Kwa anayefuata mwelekeo wa bei kwa wiki au miezi, kuuondoa ni nafuu ya kweli. Haingii na kutoka sokoni kila bei inapokohoa, na kila kuingia na kutoka kunakoepukwa ni ada ambayo haikulipwa.

Lakini chujio hili ni kama chekecheke. Linapima ukubwa peke yake. Punje na kokoto zenye ukubwa mmoja hupita pamoja, na unga mzuri huenda na vumbi.

Renko ilitoka Japani, na nchi za Magharibi ziliifahamu zaidi kupitia Steve Nison, Mmarekani aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu mbinu za chati za Kijapani. Marekani kwenyewe kulikuwa na ndugu yake tangu karne ya 19. Ni chati inayojazwa kwa herufi X bei inapopanda na O inaposhuka, ambayo kwenye menyu za programu za leo huitwa Point & Figure. Charles Dow, mmoja wa waanzilishi wa gazeti la Wall Street Journal, aliitaja mwaka 1901 kuwa njia ya daftari, kwa sababu watu waliandika bei kwenye daftari, tarakimu juu ya tarakimu. Victor de Villiers aliandikia kitabu mwaka 1933. Mwaka 1947 A. W. Cohen akaipa sura ambayo wengi wanaitumia hadi leo, ile ya kugeuka kwa visanduku vitatu.

Katika sura hiyo, kila X au O hukaa kwenye kisanduku chenye thamani maalumu. Kwa kipimo kilichozoeleka, hisa ya kati ya dola 20 na 100 hupewa kisanduku cha dola moja, na iliyo kati ya 100 na 200 hupewa cha dola mbili. X hupandishwa juu ya X katika safu moja maadamu bei inapanda. Ili kuhamia safu mpya ya O, bei lazima irudi nyuma visanduku vitatu kamili. Rudi kwenye hisa yetu: safu ya X imefika 23, hivyo O haitaandikwa mpaka bei iguse 20. Siku ya kumi na mbili, Renko imeshachora tofali jekundu, lakini chati ya X na O bado inasema bei inapanda. Siku ya kumi na tatu hisa ikifunga 19.80, safu ya O inaanza kwa mpigo, na O tatu zinaandikwa kwenye 22, 21 na 20. Data ni moja, machujio ni mawili, na kwa siku nzima yalipingana kuhusu jambo la msingi kuliko yote, yaani bei inaelekea wapi. Hakuna lililokosea. Kila moja lilijibu kulingana na kizingiti alichokiweka mchoraji.

Kuna kanuni nyingine ya Cohen ambayo watumiaji wengi hawaijui kwa sababu programu huitekeleza kimyakimya. Chati yake hutumia bei ya juu na bei ya chini ya siku. Ukiwa kwenye safu ya X, unaangalia kwanza bei ya juu. Ikiwa imetosha kuongeza X, unaiongeza na kazi ya siku hiyo imekwisha. Bei ya chini huitazami. Sasa fikiria siku ambayo asubuhi hisa ilipanda kisanduku kimoja na jioni ikaporomoka visanduku vitano. Chati itaandika X moja. Poromoko la jioni halimo. Kesho yake, bei ikibaki chini, O zitaandikwa zote pamoja kana kwamba habari mbaya imefika leo. Wakati wa penseli na karatasi kanuni hii ilikuwa na maana, kwani mtu aliyefuatilia hisa mamia kwa mkono alihitaji uamuzi mmoja kwa siku. Kwenye kompyuta imebaki kwa desturi tu.

Turudi Uswisi. Tarehe 6 Septemba 2011, Benki Kuu ya Uswisi ilitangaza kwamba haitakubali yuro ishuke chini ya faranga 1.20. Wawekezaji waliotishwa na madeni ya nchi za yuro walikuwa wakikimbilia faranga, faranga ikazidi kuwa ghali, na wauzaji wa bidhaa za Uswisi nje ya nchi wakaumia. Benki ikaahidi kununua fedha za kigeni bila kikomo ili kulinda sakafu hiyo. Ilifanya hivyo kwa zaidi ya miaka mitatu. Mwishoni mwa 2014 bei ilikuwa imegandamana juu kidogo ya sakafu, na Novemba na Desemba ilijibanza kati ya 1.20 na 1.21. Tarehe 12 Januari 2015, makamu mwenyekiti wa benki, Jean-Pierre Danthine, alisema hadharani kuwa sakafu lazima ibaki nguzo ya sera yao. Siku tatu baadaye, saa 4:30 asubuhi kwa saa za Uswisi, benki ikatangaza kuwa sakafu imeondolewa.

Tazama sasa chati ya Renko ya senti moja ilivyoshughulikia habari hii. Tofali lake la mwisho lilikuwa la kushuka, kutoka 1.22 hadi 1.21. Ili tofali jingine la kushuka lichorwe, bei ilipaswa kufika 1.20, mahali ambapo benki kuu iliweka mgongo wake. Ili igeuke kupanda, ilipaswa kufika 1.23. Kwa hiyo Novemba na Desemba haikuchora kitu. Kwa chati ya mishumaa, miezi hiyo ni picha inayomfanya mtu mzoefu akunje uso: mishumaa inazidi kuwa mifupi, yote imelala juu ya mstari mmoja, wiki baada ya wiki. Hapo haoni bei inayotulia yenyewe. Anaona bei iliyoshikiliwa. Kwa Renko, ukimya huo wote umeminywa ukawa mshono kati ya tofali moja na jingine. Chujio liliutambua kuwa kelele, kwa sababu ulikuwa mdogo kwa ukubwa, kumbe ndimo habari ilimokuwa.

Tangazo lilipotoka, yuro ilishuka chini ya faranga moja ndani ya dakika chache, na baadhi ya majukwaa yalirekodi bei za karibu 0.85. Kutoka 1.21 hadi 1.00 ni matofali 21. Chati ya X na O yenye kisanduku hicho hicho ingejaza O zote katika safu moja ndefu, jambo ambalo naona ni la uungwana zaidi, kwa kuwa safu ndefu isiyokatika angalau inamshtua anayeitazama. Lakini hata yenyewe haina namna ya kusema kama safu hiyo ilichukua dakika kumi au miezi kumi.

Wachoraji wa zamani waliliona tatizo hili, wakalitafutia dawa ndogo. Mwezi mpya unapoanza, alama ya kwanza ya mwezi huo haiandikwi X wala O. Huandikwa namba ya mwezi, 1 hadi 9 kwa Januari hadi Septemba, kisha A, B na C kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Saa iliyofukuzwa kupitia mlango wa mbele ikarudishwa kupitia dirisha. Kwenye safu ile ya Januari 2015, tarakimu 1 ingekaa mahali pa O ya kwanza, na namba inayofuata ingeonekana mbali sana chini au kwenye safu nyingine. Anayejua kuisoma angeelewa kwamba mteremko wote ule umo ndani ya mwezi mmoja. Nashangaa kwamba programu nyingi za leo huficha alama hizo au huziacha kama hiari.

Suala la ujazo wa biashara, yaani kiasi kilichobadilishana mikono, ni zito zaidi. Tofali linasema bei imepita hapa. Halisemi walipita wangapi. Asubuhi ile ya Januari, mnunuzi mkubwa wa yuro, ambaye alikuwa benki kuu yenyewe, aliondoka sokoni kwa sentensi moja, na benki nyingine zikaacha kutoa bei. Kati ya 1.19 na 1.05 wanunuzi walikuwa wachache mno. Chukua mfano wa mtu aliyenunua yuro 100,000 kwa 1.2010 na kuweka amri ya kuzuia hasara kwenye 1.1990. Kwa hesabu yake, kubwa atakalopoteza ni faranga 200. Amri hiyo, bei inapoguswa, hugeuka kuwa oda ya kuuza kwa bei yoyote itakayopatikana. Ikipatikana 1.02, hasara ni faranga 18,100. Hayo si ya kufikirika kwa waliokuwapo: wateja wa dalali wa Marekani, FXCM, walibaki wakidaiwa takriban dola milioni 225 kuliko walichokuwa nacho kwenye akaunti zao, na kampuni hiyo ikaokolewa kwa mkopo wa dola milioni 300. Alpari ya Uingereza ilitangaza kesho yake kuwa haiwezi kulipa madeni.

Renko haina mahali pa kuweka taarifa hiyo. Tofali la 1.15 hadi 1.14, lililovukwa kwa mruko, lina umbo na rangi ile ile ya tofali ambalo watu waliuza na kununua ndani yake kwa wiki tatu.

Zamani, chati ya tarakimu haikuwa mbali hivyo na ujazo. Mtu alikaa mbele ya utepe wa telegrafu na kuandika kila badiliko la bei, kisanduku kimoja kwa kimoja. Hisa iliyouzwa sana kwenye eneo moja ilibadilika bei mara nyingi, ikapanua chati kuelekea kulia. Upana huo ulikuwa kivuli cha ujazo, na ndiyo maana ikazuka desturi ya kuhesabu safu za eneo pana ili kukadiria bei itaruka umbali gani ikitoka hapo. Desturi hiyo ya kuhesabu imesalia hata kwenye chati za visanduku vitatu zinazojazwa mara moja kwa siku, ambako upana umepoteza uhusiano mwingi na idadi ya miamala. Watu wanapima kivuli cha mti uliokwisha kukatwa.

Kwa fedha za kigeni jambo ni gumu zaidi, maana hakuna soko moja linalojumlisha miamala yote. Kile kinachoitwa Volume kwenye MetaTrader ni hesabu ya mara ngapi bei ya dalali huyo ilibadilika. Hakisemi fedha kiasi gani zilipita. Kwa hisa, ujazo halisi upo, na mtu anaweza kuurudisha kwenye matofali yake. Katika mfano wetu wa mwanzo, tofali la kwanza lilijengwa kwa siku 2, la pili kwa 3, la tatu kwa 1, jekundu la kwanza kwa 5. Chini ya kila tofali andika siku hizo pamoja na jumla ya hisa zilizouzwa wakati likijengwa. Tuseme tofali la tatu, lile la kilele, lilijengwa kwa hisa 4,000 tu, na jekundu kwa 900,000. Basi kilele kile kilitokana na mnunuzi mmoja au wawili wenye haraka kwenye soko kavu, na kugeuka kwake kulibebwa na umati. Ukigeuza tarakimu hizo, hadithi nayo inageuka, na matofali yanabaki yalivyo.

Mahali ambapo watu wanapoteza fedha kwa wingi, hata hivyo, ni kwenye majaribio ya kompyuta. Mtu anaandika kanuni rahisi, nunua tofali la kijani likitokea, uza jekundu likitokea, anaipima kwa data ya miaka iliyopita, na faida inayotoka ni nono kiasi cha kutilia shaka. Mara nyingi sababu ni kwamba programu imedhani kila oda ilitimizwa kwenye ukingo wa tofali. Kwa Januari 2015 ingeandika kwamba aliuza kwa 1.20 kamili. Sababu ya pili ni kwamba matofali mengi ya programu hujengwa kutokana na bei za kufunga za mishumaa. Yaliyojengwa kwa mishumaa ya dakika moja hayafanani na ya saa moja, hata kwa siku zile zile. Ya tatu ni tofali linalojipangia ukubwa wake kwa kipimo cha mtikisiko wa karibuni, kile kinachoitwa ATR kwenye skrini. Kipimo kikibadilika, programu nyingi huchora upya historia yote, na ishara mbaya ya mwezi uliopita inaweza kutoweka kabisa.

Kuigundua hali hii si kazi kubwa. Piga picha chati yako leo, ifungue tena baada ya wiki moja, na ulinganishe matofali ya zamani. Yakiwa yamehama, ulichopima hakikuwahi kuwepo sokoni. Kisha weka ukubwa wa tofali uwe thabiti, chukua data ya kila badiliko la bei, na uiamuru programu itimize oda kwa bei halisi iliyofuata baada ya tofali kukamilika, ikiwa na tofauti ya bei ya mnunuzi na muuzaji ndani yake. Mwisho, sogeza mahali pa kuanzia: matofali ya 20, 21, 22 yawe ya 20.50, 21.50, 22.50. Soko halijui namba zako za mviringo, na kanuni inayopata faida kwenye gridi moja na hasara kwenye ile ya jirani ilikuwa ikiwinda mpangilio wa matofali badala ya bei.